Biti Moja, Mshale Mmoja: Kompyuta Inavyochagua cha Kutoa Kwenye Kumbukumbu

Kumbukumbu ya kompyuta hujaa. Umefungua kivinjari chenye kurasa nyingi za mtandao, hati ndefu ya ofisini, picha za harusi unazozisafisha, na muziki unapiga kwa nyuma. Vyote vinagombea nafasi ileile. Mfumo endeshi huikata nafasi hiyo vipande vilivyo sawa, viitwavyo fremu, na kila fremu hubeba ukurasa mmoja wa programu fulani. Katika kompyuta nyingi za leo ukurasa mmoja ni baiti 4,096, kwa hiyo mashine yenye gigabaiti 8 za kumbukumbu ina fremu 2,097,152. Zikishajaa zote, na programu ikataka ukurasa ambao bado uko diskini, hapana budi mmoja wa waliomo utoke. Upi?

Swali hili lina uzito kwa sababu kukosea ni ghali. Prosesa huchukua takriban nanosekunde 100 kusoma neno kutoka kwenye kumbukumbu kuu. Diski ya sahani inayozunguka huchukua milisekunde kadhaa, yaani makumi ya maelfu ya mara zaidi. Ukitoa ukurasa utakaotakiwa mara baada ya kutolewa, programu husimama kusubiri urudishwe, na mtumiaji huona kishale kimeganda kwenye kioo.

Mwaka 1966 László Bélády, aliyekuwa akifanya kazi IBM, alieleza jibu bora kabisa: utoe ukurasa ambao utakaa muda mrefu kuliko wote kabla ya kutakiwa tena. Jibu hilo ni sahihi, ila linadai kujua yajayo. Kwa kuwa mfumo endeshi haujui yajayo, hutazama yaliyopita. Programu nyingi hurudiarudia mahali palepale kwa muda, kisha huhamia kwingine, kwa hiyo ukurasa ulioguswa hivi punde una nafasi kubwa ya kuguswa tena, na uliokaa muda mrefu bila kuguswa pengine hautakiwi. Kanuni inayotokana na hapo ni kumtoa yule ambaye mara yake ya mwisho kutumika iko mbali kuliko wote. Wanafunzi wa kompyuta huifahamu kwa herufi tatu, LRU.

Kuieleza LRU ni rahisi. Kuitekeleza kwenye kumbukumbu kuu ndiko kunakoshinda. Ili ujue ni ukurasa upi uliotumika zamani kuliko wote, lazima uandike kumbukumbu ya kila mguso. Njia moja ni kuzipanga kurasa zote katika foleni, na kila ukurasa unapoguswa unauchomoa ulipo na kuupeleka mbele. Lakini prosesa hugusa kumbukumbu mamia ya mamilioni ya mara kwa sekunde, na kuchomoa kitu kwenye foleni ni kugusa kumbukumbu mara kadhaa tena. Kazi ya kuandika kwamba kazi imefanyika ingekuwa kubwa kuliko kazi yenyewe. Njia nyingine ni kuupa kila ukurasa saa yake ya mwisho. Mihuri ya baiti 8 kwa fremu zile milioni mbili ingekula megabaiti 16, jambo linalovumilika. Ila bado ungehitaji kuandika muhuri kila mguso, na siku ya kutoa ukurasa ungelazimika kupekua mihuri yote kutafuta ule wa zamani zaidi.

Kuna kitu kimoja, hata hivyo, ambacho prosesa hukifanya karibu bure. Kila ukurasa una mstari wake katika jedwali la kurasa, mstari unaoiambia prosesa ukurasa huo uko kwenye fremu gani. Prosesa haiwezi kuufikia ukurasa bila kuusoma mstari huo, na ikiwa tayari iko pale inaweza kuacha alama. Katika prosesa za familia ya Intel, tangu 80386, biti namba 5 ya mstari huo ndiyo kazi yake: ukurasa ukiguswa, prosesa huigeuza kuwa 1. Prosesa haiirudishi kuwa 0 kamwe; hilo huachiwa mfumo endeshi. Hii ndiyo biti ya rejea. Haisemi ukurasa umeguswa lini, wala mara ngapi. Inasema tu kwamba tangu biti ifutwe mara ya mwisho, kuna aliyeugusa.

Fikiria masijala ya wilaya ambako kila anayefungua faili huweka alama ya chaki kwenye jalada, na karani hupita kwenye rafu akizifuta. Akikuta faili lenye alama, anaifuta na kuliacha. Akikuta lisilo na alama, anajua kwamba tangu alipopita mara ya mwisho hakuna aliyeligusa, na hilo ndilo analoweza kulipeleka ghalani.

Utaratibu huo ndio algoriti ya saa. Aliyeuandika ni Fernando Corbató wa chuo cha MIT, mjini Cambridge, Massachusetts, mwishoni mwa miaka ya 1960, alipokuwa akiongoza kazi ya kujenga Multics, mfumo wa kutumiwa na watu wengi kwa pamoja kwenye mashine ya GE-645. Aliziweka fremu zote katika duara, mfano wa uso wa saa, na mshale mmoja unaoelekea fremu moja kwa wakati. Panapohitajika nafasi, mshale hutazama biti ya fremu uliyoielekea. Ikiwa ni 1, huigeuza kuwa 0 na kusogea hatua moja. Ikiwa ni 0, ukurasa huo hutoka, mgeni huingia mahali pake na biti yake huwekwa 1, kisha mshale husogea fremu inayofuata na kusubiri. Kwa lugha ya programu, utafutaji wote ni mistari hii:

```
while (fremu[mshale].biti == 1) {
    fremu[mshale].biti = 0;
    mshale = (mshale + 1) % N;
}
```

Mguso wa kawaida haugharimu chochote zaidi ya biti ambayo prosesa inaiweka yenyewe. Hakuna foleni ya kupangua. Gharama inalipwa siku ya kutoa ukurasa tu, na hata hapo ni kupita fremu chache.

Tuufuatilie kwenye mashine ndogo ya fremu nne. Zina kurasa A, B, C na D, zilizoingia kwa mpangilio huo, biti zote ni 1, na mshale uko fremu ya kwanza. Programu inaigusa A tena. Biti yake ilikuwa 1, inabaki 1. Kisha unatakiwa ukurasa E ambao haumo. Mshale unaikuta A ina 1, unaifuta. B ina 1, unaifuta. C na D vilevile. Umezunguka duara zima, umerudi kwa A, na sasa A ina 0. Anatoka A.

Hapa msomaji makini atashtuka, na ana haki. A ndiyo iliyoguswa mwisho kuliko zote! LRU ingemtoa B. Biti zote zilipokuwa 1, mshale haukuwa na habari yoyote ya kuutofautisha ukurasa mmoja na mwingine, kwa hiyo ulimtoa aliyetangulia kuingia, basi. Tuendelee lakini. E amekaa fremu ya kwanza akiwa na 1, B, C na D wana 0, na mshale uko kwa B. Programu inaigusa B, kisha D. Anatakiwa F. Mshale unaikuta B ina 1, unaifuta na kusogea. C ina 0, anatoka. Safari hii LRU ingekubali: kati ya waliomo, C ndiye aliyekaa muda mrefu bila kuguswa. F anachukua nafasi ya C, mshale unasogea kwa D. Sasa A anatakiwa tena. D ina 1, inafutwa. E ina 1, inafutwa. B ina 0, anatoka B. LRU ingemtoa E, aliyeguswa kabla ya B kwa hatua moja. Saa imekosea, ila imekosea kwa jirani: imemtoa wa pili kwa uzee badala ya wa kwanza. Makosa yake mengi huwa ya namna hii pale biti zinapokuwa mchanganyiko wa 0 na 1. Kosa la kwanza, la kumtoa A, hutokea biti zinapokuwa zote sawa.

Na hapo ndipo ulipo moyo wa jambo hili. Biti ni ileile. Kinachoipa maana ni muda ambao mshale huchukua kuzunguka. Kama mshale hurudi kwenye fremu baada ya sekunde 10, biti 0 inamaanisha ukurasa haujaguswa kwa sekunde 10. Kama hurudi baada ya saa mbili, karibu kila ukurasa utakuwa umeguswa angalau mara moja, biti zote zitasomeka 1, na mshale utafuta duara zima kabla ya kupata wa kumtoa. Saa inakuwa imegeuka foleni ya kawaida, wa kwanza kuingia ndiye wa kwanza kutoka. Kama hurudi kila baada ya milisekunde chache, hata kurasa zinazohitajika sana hazijapata nafasi ya kuguswa, biti zote ni 0, na tunarudi kwenye foleni ileile kwa mlango mwingine.

Mfumo hauchagui mwendo huo wenyewe. Uhitaji wa nafasi ndio unaousukuma mshale. Kumbukumbu ikiwa ya kutosha, mshale hutambaa. Ikipungua, hukimbia. Ndiyo maana wasimamizi wa mifumo ya Solaris, uliorithi saa hii, walizoea kutazama safu ya `sr` katika matokeo ya amri `vmstat`, inayoonyesha mshale unapita kurasa ngapi kwa sekunde. Namba hiyo ikikaa kwenye sifuri, kumbukumbu inatosha. Ikipanda na kubaki juu, mashine imeelemewa, na mara nyingi utaiona hapo kabla watumiaji hawajaanza kulalamika. Kwenye Linux habari ya namna hiyo hupatikana katika `/proc/vmstat`, kwenye mistari inayoanza na `pgscan` na `pgsteal`: ya kwanza ni kurasa zilizokaguliwa, ya pili zilizotolewa kweli. Zilizokaguliwa zikiongezeka haraka kuliko zilizotolewa, maana yake kila unaokaguliwa unakutwa bado una mwenyewe.

Kumbukumbu zilipokuwa kubwa, tatizo la mshale kutambaa lilizidi. Wahandisi wa BSD, ukoo wa Unix uliokulia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliongeza mshale wa pili. Wa mbele hufuta biti. Wa nyuma, unaofuata kwa umbali uliopangwa, hukagua. Ukurasa una nafasi ya kuguswa katika muda ule tu ulio kati ya mishale miwili. Kwa njia hiyo maana ya biti haitegemei tena ukubwa wa duara zima. Mishale ikikaribiana, ni kurasa zenye shughuli nyingi tu zitakazookoka. Ikiachana, hata za wavivu hupata muda. Nauona kuwa marekebisho bora kuliko yote yaliyofanyiwa saa hii, kwa sababu hayakuongeza hata biti moja ya habari. Yaliifanya biti iliyokuwepo isomeke kwa wakati unaofaa.

Berkeley hiyohiyo ilikuwa imekutana na shida ngumu zaidi miaka michache nyuma. Mashine yao ilikuwa VAX-11/780 ya kampuni ya Digital, iliyotoka mwaka 1977, na VAX haikuwa na biti ya rejea kabisa. Özalp Babaoğlu na Bill Joy, waliokuwa wakiiongezea Unix uwezo wa kushughulikia kurasa, walitumia biti nyingine iliyokuwepo, ile inayoiambia prosesa kama ukurasa ni halali kufikiwa. Mshale ulipopita, uliuandika ukurasa kuwa si halali, ingawa ulikuwa bado umo kwenye kumbukumbu salama. Programu ikiugusa, prosesa hukataa na kuuita mfumo endeshi. Mfumo hukagua, huona kwamba ukurasa upo, huurudishia uhalali wake, na programu huendelea bila kujua kilichotokea. Kukataliwa kule ndiko kulikokuwa alama ya chaki. Mshale ukirudi na kukuta ukurasa bado si halali, unajua hakuna aliyeugusa.

Ujanja huo una bei: kila ukurasa unaookoka hulipia safari moja ya kuingia kwenye kiini cha mfumo, ambayo ni ghali kuliko mguso wa kawaida kwa mbali. Lakini ni nafuu kuliko kwenda diskini, na ulitosha kuifanya saa ifanye kazi kwenye mashine ambayo haikujengwa kwa ajili yake. Haujazeeka pia. Prosesa za ARM, zilizo ndani ya simu nyingi mifukoni mwetu, kwa miaka mingi hazikuweka alama hiyo zenyewe. Mfumo endeshi uliitwa kila mara ukurasa uliofutiwa alama ulipoguswa. Uwezo wa prosesa kuiweka yenyewe ulikuja na toleo la Armv8.1, tena kama jambo la hiari kwa mtengenezaji.

Hata penye biti ya kweli, usiiamini kupita kiasi. Prosesa huweka nakala za mistari ya jedwali iliyoisoma karibuni katika kache yake ya ndani, ili isirudi jedwalini kila mara. Mfumo endeshi ukifuta biti jedwalini bila kuifuta nakala ile, prosesa huendelea kuutumia ukurasa kwa nakala iliyo nayo na haiweki alama upya. Ukurasa unaotumika sana unaweza basi kuonekana kama umelala. Kuzifuta nakala kila mara kunaichelewesha mashine, hasa yenye prosesa nyingi, na tangu 2014 Linux kwenye mashine za familia ya Intel iliamua kutozifuta kwa ajili ya hili. Inakubali kudanganyika kidogo ili isilipe sana. Uamuzi huo unaendana na roho ya saa yenyewe.

Mwenye Linux anaweza kuziona biti hizi zikifanya kazi. Chukua namba ya programu yako mwenyewe inayoendelea, uiweke badala ya `PID`, kisha andika:

```
echo 1 > /proc/PID/clear_refs
sleep 10
grep Referenced /proc/PID/smaps_rollup
```

Mstari wa kwanza hufuta biti za rejea za programu hiyo, wa pili husubiri sekunde 10, wa tatu huonyesha ni kilobaiti ngapi zimeguswa tangu hapo. Linganisha na mstari wa `Rss` katika faili hilohilo, unaotaja kumbukumbu yote ambayo programu imeikalia. Kivinjari kilichoachwa wazi bila kutumiwa huwa kinagusa sehemu ndogo ya kile kilichokalia. Ukibadilisha sekunde 10 kuwa 1, kisha kuwa 60, utaona namba ikipungua na kupanda, na utakuwa umeishika kwa mkono wako ile hoja ya mwendo wa mshale.

Kinachobaki ni udhaifu ambao biti moja haiwezi kuuponya: haijui tofauti ya ukurasa ulioguswa mara moja na ulioguswa mara elfu. Programu ikisoma faili kubwa kutoka mwanzo hadi mwisho, kila ukurasa wake huingia na biti 1, hupewa nafasi sawa na kurasa zinazotumika kutwa, na huzisukuma nje ingawa wenyewe hautatakiwa tena. LRU kamili nayo ina kilema hicho.

Mfumo wa hifadhidata wa PostgreSQL ulikabiliana nacho kwa kuikuza biti. Toleo la 8.1, la mwaka 2005, liliachana na orodha zilizopangwa kwa mfuatano wa matumizi na kuhamia kwenye saa. Sababu kubwa ilikuwa kufuli: kila prosesa iliyotaka kuisogeza orodha ililazimika kuifunga kwanza, na wengine wakapanga foleni kuisubiri. Badala ya biti, kila nafasi ya kilobaiti 8 ina kihesabu cha kuanzia 0 hadi 5. Ikiguswa, hupanda kwa moja bila kuvuka 5. Mshale ukipita hushuka kwa moja. Ikikutwa na 0 na hakuna anayeitumia wakati huo, inatolewa. Nafasi inayotumika kila mara inaweza kuvumilia mizunguko mitano. Na meza inayozidi robo ya `shared_buffers` inaposomwa yote, hupewa kijiduara chake kidogo izungukie humo humo bila kuwafukuza wengine.

Vihesabu hivyo unaweza kuvisoma, ukiwa umeweka kiongezi cha `pg_buffercache`:

```
SELECT usagecount, count(*)
FROM pg_buffercache
GROUP BY 1 ORDER BY 1;
```

Ukikuta nafasi nyingi ziko kwenye 5, usikimbilie kuongeza kumbukumbu. Hali hiyo inaweza kumaanisha tu kwamba data yote inayotakiwa imeenea na mshale umelala. Tazama pia `buffers_alloc` katika `pg_stat_bgwriter`, inayohesabu nafasi mpya zilizoombwa. Ikiwa haipandi, saa imesimama kwa sababu haina kazi, na mashine iko sawa. Ikiwa inapanda kwa kasi huku nafasi nyingi zikiwa na 0 na 1, mshale unazunguka haraka kuliko kurasa zinavyoweza kupata alama, na hapo ndipo nyongeza ya `shared_buffers` inaweza kusaidia.